Kipeperushi cha Dhahabu na Madai Yake Matano

Mtoto wa dada yangu alirudi kutoka kwenye semina ya siku moja jijini Dar es Salaam akiwa na kipeperushi cha karatasi ya kung'aa, pande zote mbili zimejaa chati. Akakiweka mezani, akaniambia, "Mjomba, kisome chote, halafu niambie kama bado utabisha."

Ugomvi wetu ni wa muda mrefu. Yeye anafanya biashara ya XAUUSD kwenye simu, yaani anabashiri bei ya aunsi moja ya dhahabu kwa dola za Marekani bila kuigusa dhahabu yenyewe. Mimi niliwahi kuwatunzia hesabu wanunuzi wa dhahabu Geita, na asubuhi kazi ya kwanza ilikuwa kuulizia bei ya dunia kabla mchimbaji wa kwanza hajafika na kifuko chake. Hapo ndipo nilipojifunza kusoma chati. Hapo pia nilipojifunza kwamba mtu anaweza kuisoma vizuri kabisa na bado akanunua kwa bei ya juu siku ya Alhamisi na kuuza kwa hasara Ijumaa.

Kipeperushi kina madai matano. Hakuna hata moja ambalo ni uongo mtupu, na ndiyo maana yanauzika. Nitayachukua kwa mpangilio wake, ingawa la kwanza litakula nafasi kubwa, kwa sababu ukilielewa hilo mengine yanakuwa mepesi.

"Msalaba wa kifo ukitokea, uza. Dhahabu imekwisha."

Kwanza tujue kinachokutana na kinachokatwa. Chukua bei za kufungia za siku 50 zilizopita, zijumlishe, gawa kwa 50. Hiyo ni nukta moja. Kesho ondoa bei ya zamani kuliko zote, ingiza ya kesho, gawa tena. Unganisha nukta hizo upate mstari, na huo ndio wastani unaosogea wa siku 50. Ule wa siku 200 hutengenezwa hivyo hivyo kwa bei 200. Wa siku 50 ukishuka na kuukatiza ule wa siku 200, matreda husema msalaba wa kifo umetokea. Ukipanda na kuukatiza kwa juu, wanauita msalaba wa dhahabu, jina linalotumika hata kwenye hisa na mafuta.

Mwanzoni mwa Oktoba 2023 msalaba wa kifo ulitokea kwenye dhahabu. Bei ilikuwa karibu dola 1,820, imetoka kwenye 1,930 na kitu wiki mbili tu nyuma, kwa sababu riba za dhamana za serikali ya Marekani zilikuwa zimepanda hadi viwango ambavyo havikuonekana tangu 2007. Dhahabu hailipi riba. Dhamana zikilipa vizuri, wenye fedha huiacha. Kila kitu kwenye chati kilisema uza.

Sasa tufungue tumbo la mistari hiyo. Siku zile, bei iliyokuwa ikitoka kwenye wastani wa siku 50 ilikuwa ya wiki kumi nyuma, yaani Julai, wakati dhahabu ilikuwa karibu 1,960. Iliyokuwa ikiingia ilikuwa 1,820. Tofauti ni dola 140, ukigawa kwa 50 unapata kwamba mstari ulikuwa unashuka karibu dola 2.80 kila siku. Kwenye wastani wa siku 200, bei iliyokuwa ikitoka ilikuwa ya wiki arobaini nyuma, mwishoni mwa Desemba 2022, karibu 1,815. Inatoka 1,815, inaingia 1,820. Mstari huo ulikuwa umesimama kama gari lililoishiwa mafuta.

Maana yake ni kwamba msalaba ule ulikuwa na wazazi wawili. Mmoja ni anguko la mwisho wa Septemba, ambalo kila mtu alikuwa ameshaliona kwa macho bila mstari wowote. Mwingine ni kilele cha Julai, ambacho kilikuwa kinatolewa kwenye hesabu kwa sababu ya kalenda tu. Bei ya Oktoba ingeweza kukaa palepale bila kusogea hata senti, na wastani wa siku 50 ungeendelea kushuka kadiri siku za Julai zilivyokuwa zikifutwa. Anayesema "mstari umeinama, kwa hiyo soko limeamua kushuka" anasoma Julai akidhani anasoma kesho.

Jumamosi tarehe 7 Oktoba, soko likiwa limefungwa, Hamas waliishambulia Israel. Jumatatu dhahabu ilifunguka juu. Ijumaa ya tarehe 13 ilipanda zaidi ya asilimia 3 kwa siku moja. Kufikia tarehe 27 ilikuwa imevuka dola 2,000. Aliyeuza kwenye msalaba aliuza karibu kabisa na bei ya chini ya kipindi kile.

Kijana wangu ana jibu la haraka kwa hili: "Vita ni ajali, Mjomba. Huwezi kuihesabu." Ni kweli, na hapo ndipo penye hoja yangu. Kinachoisukuma dhahabu kwa nguvu mara nyingi ni jambo la namna hiyo: vita, takwimu za mfumuko wa bei, kauli ya benki kuu ya Marekani, benki kuu za nchi nyingine kuamua kununua kwa wingi. Mwaka 2022, 2023 na 2024 benki kuu kwa pamoja zilinunua zaidi ya tani 1,000 kila mwaka. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloingia kwenye wastani kabla halijaingia kwenye bei, na likishaingia kwenye bei wastani unalipokea kwa mafungu, sehemu moja ya hamsini kwa siku.

Nisiwe mchoyo, kwa sababu kuna msalaba mwingine unaonipinga. Februari 2013 msalaba wa kifo ulitokea bei ikiwa juu kidogo ya 1,560. Miezi miwili baadaye dhahabu ilianguka vibaya, na mwishoni mwa Juni ilikuwa imegusa karibu 1,180. Aliyeuza Februari aliokoka. Kipeperushi kinaweka picha ya chati hiyo ukurasa wa mbele, na nisingetegemea wafanye vinginevyo.

Kinachoachwa nje ya picha ni upande wa kushoto kidogo. Mtu aliyeuza Februari 2013 kwa amri ya msalaba aliingia vipi? Kwa amri ya msalaba vilevile: msalaba wa dhahabu wa Septemba 2012, bei ikiwa karibu 1,770. Wiki chache baadaye, mwanzoni mwa Oktoba, dhahabu ilifika karibu 1,795 na kugeuka, na isingeiona tena 1,800 hadi 2020. Kwa hiyo mfuasi mwaminifu alinunua karibu na kilele, akauza karibu dola 200 chini, na ndipo akaokoka. Ni kama dereva aliyegonga nguzo, akateremka kwenye gari, kisha akashangilia kwa sababu daraja la mbele limebomoka.

Tufanye naye hesabu ya 2023 pia. Msalaba wa dhahabu wa Januari ulimwingiza karibu 1,870. Msalaba wa kifo wa Oktoba ulimtoa karibu 1,820. Msalaba wa dhahabu wa nusu ya pili ya Novemba ulimrudisha bei ikikaribia 2,000. Ametoka kwa hasara ya 50 na kurudi kwa bei ya juu kwa takriban 180. Lakini kuanzia hapo mistari miwili haikukutana tena kwa muda mrefu, na mwezi Oktoba 2025 dhahabu ilivuka dola 4,000 mfuasi wetu akiwa bado ndani. Faida hiyo moja inafuta hasara zote nilizozitaja na kubakiza ziada kubwa.

Hiyo ndiyo tabia halisi ya misalaba. Hutoa hasara ndogondogo nyingi bei inapoyumba huku na huku, na faida kubwa chache bei inaposhika njia moja kwa mwaka au zaidi. Hakuna mahali katika hesabu hiyo ambapo mstari ulijua kitu. Msalaba wa Oktoba 2023 na ule wa Februari 2013 ilikuwa na umbo lilelile. Mmoja ulifuatiwa na anguko, mwingine na mpando, na siku yenyewe hukuwa na namna ya kuitofautisha kwa kutazama mistari.

"Wastani wa siku 200 ni sakafu. Bei ikiigusa hurudi juu."

Swali langu la kwanza ni sakafu hiyo iko wapi. Bei inapopanda kwa mwendo uleule, wastani hubaki nyuma kwa nusu ya siku zake: wa siku 200 hubaki nyuma siku 99 na nusu. Dhahabu ikipanda dola 2 kila siku, mstari utakuwa dola 199 chini ya bei. Ikipanda dola 4, utakuwa karibu 400 chini. Kadiri soko linavyokimbia, ndivyo sakafu inavyozama. Tarehe 21 Oktoba 2025, siku moja baada ya kupanda juu ya 4,350, dhahabu ilipoteza zaidi ya asilimia 5 kwa siku moja. Wastani wa siku 200 wakati huo ulikuwa zaidi ya dola 700 chini ya bei. Sakafu iliyo orofa saba chini haimsaidii anayedondoka kitandani.

Swali la pili lilimshangaza kijana, na nakiri nilifurahi kuona uso wake. Nilimwambia afungue chati ya siku kwenye akaunti zake mbili, za mabroka wawili tofauti, aweke wastani wa siku 200 kwenye zote. Mistari haikulingana. Bei ya dhahabu ni ileile kwa tofauti ya senti, lakini nukta ya wastani ilipishana kwa dola kadhaa.

Sababu ni saa ya seva. Wiki ya dhahabu hufunguka Jumapili jioni kwa saa za New York, ambayo kwetu ni usiku wa kuamkia Jumatatu. Broka ambaye saa ya seva yake imepangwa ili siku iishe saa kumi na moja jioni ya New York, hutoa mishumaa mitano kwa wiki. Broka ambaye seva yake inafuata saa ya Greenwich, anapata ile saa moja au mbili za mwisho za Jumapili kama siku inayojitegemea, na chati yake huonyesha mshumaa mdogo wa Jumapili. Huyo ana mishumaa sita kwa wiki. Mishumaa 200 ikigawanywa kwa tano ni wiki 40. Ikigawanywa kwa sita ni wiki 33 na siku mbili. Kwa hiyo wawili wanaosema kwa uhakika kwamba bei "imegusa wastani wa siku 200" wanaweza kuwa wanazungumzia vipindi vinavyopishana kwa zaidi ya mwezi na nusu.

Ukitaka kujua broka wako ni wa aina gani, fungua chati ya siku na hesabu mishumaa kati ya Jumatatu mbili. Ukiona kimshumaa kifupi kisicho na mwili wa maana kabla ya kila Jumatatu, ndicho hicho.

Halafu kuna jambo la mstari kupanda siku bei inaposhuka. Tuseme leo dhahabu imeshuka kutoka 1,940 hadi 1,900, na bei inayotoka kwenye hesabu, ya siku 200 zilizopita, ni 1,700. Wastani utapanda: 1,900 kutoa 1,700 ni 200, gawa kwa 200, unapata dola moja. Soko limepoteza dola 40 na mstari umeinuka kwa dola moja. Kipeperushi kina sentensi inayosema "ikiwa wastani unapanda, wanunuzi bado wana nguvu." Katika mfano huu, kinachoonyeshwa na mstari kupanda ni kwamba siku 200 zilizopita dhahabu ilikuwa rahisi kuliko leo. Hilo ni jambo la kweli na wakati mwingine lina manufaa, ila halihusu wanunuzi wa leo mchana.

"Tumia EMA. Hiyo haichelewi."

EMA ni wastani unaozipa bei za karibuni uzito mkubwa kuliko za zamani. Bei ya leo hupewa uzito wa 2 kugawa kwa idadi ya siku kujumlisha moja, kwa hiyo kwa EMA ya siku 50 ni 2 kwa 51, karibu asilimia 3.9. Kwenye wastani wa kawaida, ambao kwenye menyu umeandikwa SMA, kila siku ina asilimia 2. Dhahabu ikiruka dola 100 kwa siku moja, EMA inasogea karibu dola 3.90 na SMA dola 2 kutokana na mruko huo. Kwa hiyo ndiyo, inashtuka mapema zaidi.

Lakini bei ikipanda kwa mwendo wa kudumu, EMA ya siku 50 hubaki nyuma ya bei kwa umbali uleule wa SMA ya siku 50: siku 24 na nusu. Ni hesabu ya sekondari, mtu anaweza kuijaribu kwenye jedwali la kompyuta kwa dakika kumi, na nilimfanya kijana aijaribu. Tofauti huonekana kwenye kona tu. Na kinachoshtuka mapema kwenye kona za kweli hushtuka mapema kwenye kona za uongo pia, kwa hiyo idadi ya misalaba huongezeka, na kila msalaba una gharama ya kuingia na kutoka. Sina zaidi ya hapo kwenye hili.

"Mstari wa mwelekeo ulioguswa mara tatu hauvunjiki."

Hapa tunaacha wastani na kuingia kwenye mstari wa mkono: unachukua bei mbili za chini, unazipigia rula, unaendeleza mstari kwenda kulia. Tofauti na wastani, huu hauna kanuni moja. Mchoraji ndiye kanuni.

Historia ya dhahabu ina mfano mzuri sana wa mstari ulioguswa mara tatu, na ulikuwa mlalo, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema ulichorwa vibaya. Baada ya kilele cha Septemba 2011, bei ilipogusa dola 1,920, dhahabu ilishuka hadi eneo la 1,520 na 1,530 na kugeuka mwishoni mwa mwezi huohuo. Ikarudi eneo hilo mwishoni mwa Desemba 2011, ikageuka tena. Ikarudi Mei 2012, ikageuka mara ya tatu. Kwa mwaka mmoja na nusu, kila aliyejua kushika rula alikuwa na mstari huo kwenye chati yake.

Ijumaa tarehe 12 Aprili 2013 bei iliupita. Mikataba ya dhahabu ya New York, iliyokuwa imefungia karibu dola 1,565 Alhamisi, ilifungia karibu 1,501. Jumatatu tarehe 15 ikafungia 1,361. Asilimia 13 kwa siku mbili za kazi, anguko kubwa la siku mbili ambalo halikuwa limeonekana kwa takriban miaka 30.

Fikiria kilichokuwa kimejificha chini ya mstari ule. Kila mtu aliyenunua juu yake kwa kuamini utashikilia, aliweka oda ya kukata hasara mahali palepale, chini kidogo ya 1,520. Kila mguso uliofanikiwa uliongeza waumini, na kila muumini akaongeza oda ya kuuza kwenye rundo lile. Bei ilipofika pale, oda zile zikageuka kuwa mauzo ya lazima, mauzo yakaisukuma bei chini hadi kwenye oda nyingine. Miguso mitatu, ambayo kipeperushi kinaihesabu kama uimara, ilikuwa pia ndiyo njia ambayo baruti ilikusanywa. Sidai kwamba mstari ndio uliosababisha anguko. Ninachosema ni kwamba ulilifanya liwe kali pale lilipoanza.

Na oda ya kukata hasara haiahidi bei. Inaahidi tu kwamba utauziwa kwa bei ya kwanza itakayopatikana. Usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 9 Agosti 2021, Japani na Singapore zikiwa mapumzikoni na soko likiwa jembamba, dhahabu iliporomoka karibu dola 80 ndani ya dakika chache hadi chini ya 1,690, kisha sehemu kubwa ikarudi. Huku kwetu watu walikuwa wamelala. Wenye oda katikati ya njia ile waliamka wakikuta wameuziwa chini kabisa ya walipoandika, na bei ikiwa imeshapanda tena bila wao.

Sasa mistari ya mteremko, ambayo ndiyo kipeperushi kinaipenda zaidi. Kuna kitufe kwenye majukwaa mengi ya chati kilichoandikwa "log". Ukikibonyeza, kipimo cha bei upande wa kulia hubadilika: badala ya kila sentimita kuwa idadi sawa ya dola, inakuwa asilimia sawa. Chora mstari kutoka dola 1,000 hadi dola 1,200 mwaka mmoja baadaye, uuendeleze. Kwenye kipimo cha kawaida mstari unaongeza dola 200 kila mwaka, na baada ya miaka mitano upo kwenye 2,000. Kwenye kipimo cha asilimia unaongeza asilimia 20 kila mwaka, na baada ya miaka mitano upo karibu na 2,488. Bei halisi ikiwa 2,200 mwaka huo wa tano, chati moja inasema mwelekeo uko salama kabisa, nyingine inasema ulivunjika zamani. Nukta mbili zilezile, rula ileile, dhahabu ileile.

Ongeza swali la utambi. Mshumaa una mwili, unaoonyesha bei ya kufungua na ya kufunga, na utambi, unaoonyesha bei ya chini na ya juu iliyofikiwa. Mstari upite kwenye ncha ya utambi au ukingo wa mwili? Kipeperushi kinasema "popote unapopata miguso mingi zaidi." Hiyo ni sawa na kumwambia fundi apime ukuta kwa futi yoyote itakayoufanya ukuta uonekane umenyooka.

"Kila mtu anautazama mstari huo, kwa hiyo lazima utimie."

Dai hili ndilo la kijana mwenyewe zaidi kuliko la kipeperushi. Lina ukweli kwa muda mfupi: bei ya dhahabu hufika kwenye namba ya duara kama 2,000, au kwenye wastani wa siku 200, na kwa saa chache unaona kusitasita ambako ni vigumu kukueleza kwa njia nyingine.

Tatizo ni wingi wa watazamaji wasioutazama. Dhahabu hubadilisha mikono kwa thamani ya zaidi ya dola bilioni 100 kwa siku. Benki kuu inayoongeza tani kwenye akiba yake, mgodi unaouza dhahabu ya mwezi ujao ili ulipe mishahara, familia za India zinazonunua kwa msimu wa harusi: hakuna hata mmoja wao anayesubiri ruhusa ya mstari wa siku 50. Na hata miongoni mwa wanaoutazama, tumeshaona kwamba hawautazami mmoja. Mwenye mishumaa mitano na mwenye mishumaa sita, wa utambi na wa mwili, wa log na wa kawaida, wote wanasema "mstari" wakimaanisha vitu tofauti. Na wanaokubaliana nao, kama tulivyoona Aprili 2013, makubaliano yao ndiyo yaliyolipa anguko uzito.

Kijana aliuliza kwa nini basi bado ninao wastani wa siku 200 kwenye chati yangu. Ninao kwa sababu unajibu maswali matatu ambayo jicho peke yake hudanganyika kuyajibu. Bei ya leo iko juu au chini ya bei ya kawaida ya wiki arobaini zilizopita? Umbali huo ni mkubwa kuliko ilivyo kawaida, au ni mdogo? Na mnunuzi wa wastani wa kipindi hicho, kama alinunua kidogo kidogo kila siku, yuko kwenye faida au hasara? Kwa mwenye duka la dhahabu anayeamua akae na gramu ngapi hadi wiki ijayo, majibu hayo yana kazi. Mwaka 2007 Mmarekani Mebane Faber alichapisha utafiti uliotumia wastani wa miezi 10 kwa aina kadhaa za mali, na alichokipata ni kwamba kanuni hiyo ilipunguza ukubwa wa maanguko aliyopitia mwekezaji. Ni jambo la kuheshimika, na ni tofauti na kujua bei ya kesho.

Baada ya hapo nilimpa zoezi. Nilichukua chati ya dhahabu bila tarehe, nikafunika nusu ya kulia kwa gazeti, nikamwambia achore mstari wa mwelekeo kwa kanuni za kipeperushi. Akachora. Nikamwambia achore mwingine halali, kwa kanuni zilezile. Akachora, halafu wa tatu, na wa nne kwa kupitia ncha za tambi. Miwili ilisema nunua, mmoja ulisema uza, na wa nne ulikuwa mlalo. Alipotaka kuondoa gazeti aone upi ulikuwa sahihi, nilimzuia mkono, nikamwomba kwanza achague mmoja na kuuandikia kiasi cha pesa. Alikaa akiitazama ile mistari kwa muda, kalamu mkononi, kisha akaniomba chai.